Timu ya dharura inapotambulishwa kwa wanahabari: nani aketi mezani, aseme nini, na aishie wapi

Julai 2022 wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, walianza kuonekana wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa na uchovu, na baadhi yao wakitokwa na damu puani. Taarifa ya awali ya Serikali ilitaja wagonjwa 13 na vifo 3. Ilisema vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko-19 havikuonyesha maambukizi, na kwamba timu ya wataalamu ilikuwa imepelekwa kuchunguza. Siku chache baadaye aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akiwa Lindi, alitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, yaani homa ya mgunda, inayosababishwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama kama panya na kuingia mwilini kupitia maji au udongo. Idadi ya wagonjwa ilikuwa imefika 20.

Kati ya taarifa ya kwanza na jina la ugonjwa palikuwa na siku kadhaa. Siku kama hizo hutokea katika kila mlipuko ambao chanzo chake hakionekani mara moja, na ndizo ngumu kuliko zote kwa kiongozi anayekaa mbele ya vinasa sauti. Jina la ugonjwa hana, wala hawezi kuahidi utaisha lini. Kitu pekee anachokijua kwa hakika ni kazi inayofanyika na watu wanaoifanya. Kwa hiyo utambulisho wa timu, ambao mara nyingi huchukuliwa kama salamu za mwanzo kabla ya habari yenyewe, siku hiyo ndio habari yenyewe. Ukifanywa vizuri, mama aliyeko kijijini na mtoto mwenye homa anajua aende wapi na nani atamfuata nyumbani. Ukifanywa vibaya, anasikia orodha ya vyeo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kamati ya mkoa iko chini ya Mkuu wa Mkoa na ina wajumbe kutoka idara na vyombo vingi, kwa sababu kazi yake ni kuamua, kutafuta fedha na kuunganisha nguvu. Timu inayokwenda mbele ya wanahabari si kamati hiyo. Ni watu wachache wanaobeba kazi ambazo mwananchi atazigusa moja kwa moja. Kamati nzima ikiketi mezani, kila mjumbe atataka kutambuliwa, dakika 10 zitakwisha, na msikilizaji wa redio, ambaye haoni sura ya mtu, hatakumbuka hata mmoja. Watu watano wanatosha. Wengine waandikwe kwenye karatasi ya wanahabari na wakae viti vya nyuma, wakiwa tayari kuitwa swali likiwahusu.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hadi mwisho. Katika wilaya moja ya Lindi, mwezi Julai, watu 9 wamefika zahanati na kituo cha afya wakiwa na homa kali na maumivu ya misuli. Wanne wametokwa na damu puani. Wawili wamefariki, watano wamelazwa, wawili wamepata nafuu na kurudi nyumbani. Sampuli zimepelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam. Mkuu wa Mkoa ameitisha mkutano na waandishi wa habari kesho saa 4 asubuhi.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, kazi ya Afisa Habari wa Mkoa si kuandika hotuba. Aanze na karatasi moja ya mgawanyo, na kwa kila atakayeketi mezani ajaze mambo matatu: anafanya kazi gani, anaamua nini mwenyewe, na jambo gani hatalizungumzia. La tatu ndilo linalorukwa, na ndilo linaloleta matatizo siku ya pili. Mganga Mkuu wa Mkoa, kwa mfano, hatazungumzia kufungwa kwa minada ya ufuta, hata akiwa na maoni mazito juu yake, kwa sababu uamuzi huo si wake. Mkuu wa Mkoa naye hatataja jina la ugonjwa wala kukisia, kwa sababu kutangaza ugonjwa wa mlipuko ni kazi ya Wizara ya Afya baada ya maabara kuthibitisha. Karatasi hii isomwe kwa sauti mbele ya wote watano kabla hawajaondoka ofisini usiku ule, na kila mmoja akubali mpaka wake. Kusomeana huko ni kazi ya robo saa.

Sasa maneno yenyewe. Haya ndiyo ambayo Mkuu wa Mkoa angeweza kuyasema, kwa mwendo wa taratibu, ndani ya dakika tatu:

"Ndugu waandishi wa habari, habari za asubuhi. Hadi saa 12 jioni jana, katika kata mbili, watu 9 walikuwa wamefika kwenye vituo vyetu vya afya wakiwa na homa kali na maumivu ya misuli. Wanne kati yao walitokwa na damu puani. Wawili wamefariki dunia, na tunawapa pole ndugu zao. Watano wamelazwa, wawili wamepata nafuu na wamerudi nyumbani. Ni ugonjwa gani, bado hatujui. Sampuli zipo maabara ya taifa Dar es Salaam. Wakati tunasubiri majibu, kazi imegawanywa kwa hawa niliokaa nao.

"Kazi yote inaongozwa na Mganga Mkuu wa Mkoa, huyu aliye kulia kwangu. Yeye ndiye anayeamua wagonjwa watibiwe wapi na timu ya uchunguzi iende kijiji gani. Idadi ya wagonjwa mtaipata kwake, si kwingine.

"Anayefuata ni Mratibu wa Ufuatiliaji wa Magonjwa. Watu wake ndio watakaopita nyumba kwa nyumba kuuliza mgonjwa alikunywa maji ya wapi, alifanya kazi wapi na aliishi na nani. Watakuwa na vitambulisho na wataongozana na mtendaji wa kijiji. Hawatozi fedha na hawachanji mtu.

"Kushoto kwangu ni Daktari wa Mifugo. Anachunguza wanyama na maji. Kuwapo kwake hapa hakumaanishi kwamba tumekwisha kujua ugonjwa unatoka kwa wanyama. Uchunguzi wa namna hii hufanyika kila inapotokea homa ambayo chanzo chake hakijajulikana.

"Wa mwisho ni Afisa Habari wa Mkoa. Namba yake ipo kwenye karatasi mliyopewa, na atapokea simu zenu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku.

"Mimi kazi yangu ni kuhakikisha magari, dawa na watu vinapatikana, na mambo ya masoko, minada na mikusanyiko yako juu yangu. Mwananchi mwenye homa aende zahanati iliyo karibu leo hii, asisubiri. Anayetaka kuuliza apige 199, ni bure. Tutakutana hapa kesho saa 4 asubuhi, hata kama majibu ya maabara hayajafika."

Kila sehemu ya maneno haya ina sababu yake. Idadi imekuja kwanza, kabla ya watu, kwa kuwa msikilizaji mwenye wasiwasi hawezi kusikia majina huku akisubiri kuambiwa wamekufa wangapi. Vifo vimetajwa kwa sentensi fupi na pole ikafuata papo hapo. Imetajwa saa ambayo hesabu ilifungwa, saa 12 jioni, ili kesho idadi ikipanda hadi 11 asitokee wa kusema jana walificha.

Kila mtu ametambulishwa kwa kile ambacho mwananchi atakiona au atakihitaji, na cheo kimetumika kumtambua tu. "Mratibu wa Ufuatiliaji wa Magonjwa" peke yake ni maneno matupu kwa mkulima wa Mbekenyera au Nyangao. "Watu wake watapita nyumba kwa nyumba" ni jambo atakaloliona kwa macho kesho yake. Maneno ya kitambulisho, mtendaji wa kijiji, kutotoza fedha na kutochanja yameingizwa kwa makusudi. Timu ya wageni wenye glavu na vichupa vya sampuli ikishuka kwenye gari bila kutangazwa, uvumi huwatangulia, na milango hufungwa. Sentensi mbili za utambulisho huwafungulia njia wataalamu ambao hata mkutanoni hawapo.

Daktari wa Mifugo anahitaji uangalifu zaidi. Kumwacha nje ya meza ni kosa, kwa sababu homa ya mgunda, kimeta, homa ya Bonde la Ufa na magonjwa mengine mengi hupita kwa wanyama, na uchunguzi wa binadamu peke yake huchelewesha majibu. Lakini kumweka mezani bila maelezo ni kosa jingine. Mwandishi makini atamwona na kuandika kwamba Serikali inashuku mifugo, na jioni hiyo bei ya nyama itashuka sokoni. Ndiyo maana kuna sentensi inayoeleza kuwapo kwake na nyingine inayozuia hitimisho la haraka. Kanuni ni hiyo hiyo kwa mtu yeyote ambaye uwepo wake unaweza kusomwa kama ishara. Ofisa wa Polisi mezani, bila maelezo, anasomwa kama karantini. Mtu wa mamlaka ya maji anasomwa kama kisima chenye sumu.

Mkuu wa Mkoa amejitambulisha mwisho, naye kwa kazi. Wasaidizi wengine hupinga jambo hili wakiona ni kumshusha mkubwa. Kwa maoni yetu linampandisha. Akijieleza kwa kazi ya magari, dawa na uamuzi wa minada, wananchi wanajua wamdai nini, na pia anajiondoa kwenye maswali ya kitabibu ambayo asingeyajibu vizuri.

Tukija kwenye lugha ya utulivu, kuna dhana kwamba utulivu ni kutumia maneno ya kutuliza. Haliko hivyo. "Wananchi msiwe na hofu" husemwa karibu kila mara, na karibu kila mara humfanya msikilizaji ajiulize kuna nini cha kuogopa ambacho hajaambiwa. Mtu ambaye jirani yake amefariki juzi ana hofu, na ana haki nayo. Badala ya kumkataza hofu, mpe la kufanya: aende zahanati leo, achemshe maji ya kunywa, asiguse mnyama aliyekufa porini. Mtu aliyepewa la kufanya hutulia hata kama hakuambiwa atulie.

"Hali imedhibitiwa" ni kauli ya hatari zaidi kwa sababu inaweza kukanushwa na mgonjwa mmoja tu. Ikitamkwa asubuhi na mgonjwa wa kumi akalazwa mchana, kila kitakachosemwa baadaye kitapimwa kwa uongo huo, hata kama aliyesema hakukusudia kudanganya. Sema kilichodhibitiwa kwa kweli: "Wagonjwa wote watano wamelazwa kwenye wodi yao peke yao, na dawa zilizopo zinatosha wiki mbili." Kauli hiyo inaweza kuhakikiwa, na mgonjwa mpya haiivunji.

Halafu kuna kauli zisizo na mtendaji: hatua zinachukuliwa, uchunguzi unaendelea, elimu inatolewa. Lugha yetu inaruhusu kusema hivyo vizuri kabisa, na kwenye taarifa ya kawaida haina ubaya. Katika dharura inaficha kile hasa ambacho mkutano umeitishwa kukionyesha. Njia rahisi ya kusahihisha ni kupitia rasimu kwa kalamu, na kila penye kitenzi kisicho na mtu, kuandika juu yake nani, wapi na lini. "Uchunguzi unaendelea" inakuwa "Daktari wa Mifugo na watu wake watatu wanakusanya maji kwenye visima leo." Ikitokea kalamu inakosa jina la kuandika, maana yake kazi hiyo haijapewa mtu, na ni afadhali kugundua hilo usiku kuliko kuulizwa asubuhi.

Kukiri usichokijua kunahitaji sentensi yenye sehemu mbili: kisichojulikana, na njia ya kukijua. "Bado hatujui" ikisimama peke yake inatisha. "Bado hatujui ni ugonjwa gani, sampuli zipo maabara ya taifa, na majibu yakifika Wizara itayatangaza" inabeba ukweli ule ule ikiwa na mahali pa kushika. Usitaje siku ya majibu kama maabara yenyewe haijaitaja. Kipimo cha kwanza kinaweza kuondoa magonjwa bila kuonyesha ugonjwa uliopo, kama ilivyokuwa Ruangwa ambapo Ebola na Marburg zilitolewa kwenye orodha kabla chanzo hakijapatikana. Ukiahidi Ijumaa na Ijumaa ikaleta jibu la "siyo hili wala lile", umevunja ahadi ambayo haikuwa lazima kuitoa. Ahadi iliyo salama ni ya mkutano unaofuata, kwa sababu hiyo iko mikononi mwako.

Tahadhari ya maneno inahitajika pia kwa wagonjwa wenyewe. Ukisema "washukiwa" kwenye redio, anayesikia nusu ya sentensi anafikiria polisi. "Watu wenye dalili ambao hawajapimwa" ni ndefu, lakini haimvunjii mtu heshima. Kata itajwe kama kuitaja kunawasaidia wakazi kuchukua hatua. Kijiji chenye wagonjwa wawili tu kikitajwa ni sawa na kutaja nyumba, maana kila mtu anajua msiba uko wapi. Jina, umri kamili na kazi ya mgonjwa visiunganishwe katika sentensi moja. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mbali na sheria, familia iliyoanikwa hewani haitaleta mgonjwa wa pili hospitali.

Mkutano hufaulu au huharibika wakati wa maswali. Mgawanyo uliotangazwa dakika tano zilizopita unajaribiwa hapo, na waandishi wataona mara moja kama ni wa kweli. Utaratibu ni kwamba Afisa Habari anachagua muulizaji, anarudia swali kwa ufupi ili lisikike kwenye rekodi, kisha anamtaja mjibu mmoja. Akijibu mmoja, limeisha. Adui mkubwa wa utaratibu huu ni maneno ya upole kabisa: "Naomba niongezee kidogo." Anayeongezea huwa na nia njema, lakini analeta idadi tofauti kidogo, au mfano unaopunguza nguvu ya jibu la kwanza, na waandishi wanaondoka na majibu mawili ya swali moja. Kama jibu lina kosa la kweli, mwenye kujua aandike kwenye karatasi ampe Afisa Habari, na aliyejibu asahihishe kwa kinywa chake mwenyewe.

Katika mfano wetu, mwandishi wa kwanza anauliza: "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, huu ni msimu wa ufuta. Minada itaendelea?" Mkuu wa Mkoa anajibu: "Mnada wa wiki hii utafanyika. Mganga Mkuu hajanipa sababu ya kuuzuia. Maji ya kunawa yatakuwapo ghalani, na mwenye homa asije. Ikibidi kubadilisha, nitalitangaza mwenyewe." Ameeleza uamuzi, msingi wake, na nani atautangaza ukibadilika. Hakuna haja ya kuendelea.

La pili ni gumu zaidi: "Vijijini watu wanasema ni salfa inayopulizwa kwenye mikorosho, imeingia kwenye visima. Mnasemaje?" Kishawishi ni kulikejeli swali au kulikataa kwa hasira. Julai wakulima wengi wa kusini wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa hiyo mtu aliyeona vumbi la njano likipepea na siku hiyo hiyo akaona wagonjwa hana kosa kuunganisha. Swali linakwenda kwa Mganga Mkuu, naye anajibu: "Tumelisikia. Vumbi la salfa huwasha macho, ngozi na kifua. Anayepuliza avae barakoa na miwani kama anavyoshauriwa na bwana shamba. Wagonjwa wetu wana homa kali, na baadhi hawajafika shambani mwezi huu. Hata hivyo maji ya visima yanapimwa, na majibu tutayasema hapa." Uvumi umepata jibu lenye sababu, na aliyeuliza hakudhalilishwa.

La tatu lazima litakuja: "Je, ni Ebola?" Jibu la "hapana" linaruhusiwa iwapo tu maabara imeshasema hapana. Kama haijasema: "Maabara inapima magonjwa kadhaa yanayoleta homa na kutokwa damu. Sitataja moja kabla ya majibu, kwa sababu matibabu na kinga tunazotumia sasa zinawalinda wagonjwa na wahudumu wakati tunasubiri." Mwandishi akirudia swali mara tatu, jibu lirudiwe kwa maneno yale yale. Kulibadilisha kila mara, hata kwa nia ya kufafanua zaidi, kunatoa picha ya mtu anayekwepa.

Tatizo la idadi mbili linastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu ndilo huvuruga imani haraka kuliko jingine lolote. Tuseme saa 7 mchana redio moja inatangaza wagonjwa 11, baada ya kumpigia simu mganga wa kituo cha afya. Mkoa ulisema 9. Hakuna aliyedanganya: wagonjwa wawili walihamishiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, wakaandikwa tena huko, na mganga wa kituo akajumlisha daftari lake na taarifa aliyosikia kutoka Sokoine. Dawa yake ni orodha moja ya wagonjwa inayotunzwa na Mratibu wa Ufuatiliaji, kila mgonjwa akiwa na namba moja hata akihamishwa hospitali tatu, na hesabu kufungwa saa moja maalumu kila siku. Waganga wa vituo nao waelezwe jibu la kumpa mwandishi: "Hapa ninatibu, idadi anayo Mganga Mkuu wa Mkoa." Kusema hivyo si kuwanyima wanahabari habari. Ni kuwaelekeza kwa mwenye nayo, mradi huyo mwenye nayo anapokea simu. Mganga Mkuu akiwa hapatikani hadi jioni, waandishi watarudi kwa mganga wa kituo, na watakuwa na haki.

Maandalizi ya ukumbi ni machache. Saa 4 asubuhi inafaa kwa kuwa mwandishi anayetoka Mtwara, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, anaweza kufika, na picha zinawahi taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Vibao vya mezani viandikwe jina na kazi kwa herufi zinazosomeka kwenye kamera iliyo nyuma ya ukumbi. Karatasi ya ukurasa mmoja iwe na tahajia sahihi ya majina yote, kwani jina likikosewa kwenye gazeti la kwanza linakosewa kote. Kurekodiwe sauti ya dakika moja ya Mganga Mkuu, bila kelele za feni, itumwe kwa redio za jamii na kwenye makundi ya watendaji wa kata. Wengi vijijini watausikia mkutano kwa njia hiyo tu. Wageni watambuliwe kwenye karatasi. Utambulisho wa mdomo wa kila kiongozi aliyehudhuria, ambao ni heshima kwenye sherehe, hapa unakula muda wa mgonjwa.

Kila kazi iwe pia na msaidizi aliyeandikwa. Mganga Mkuu akisafiri kwenda kijijini siku ya tatu na kiti chake kikabaki wazi bila maelezo, litaulizwa swali kwa nini hayupo. Tangazo ni sentensi moja mwanzoni: "Mganga Mkuu yuko kwenye kata zenye wagonjwa tangu asubuhi, leo idadi mtapewa na Mratibu, na kesho atarudi mwenyewe."

Mgawanyo hubadilika zaidi timu ya Wizara inapowasili. Kama halikusemwa wazi, siku hiyo mkoa na Wizara vitatoa taarifa mbili, na waandishi watalinganisha. Mkuu wa Mkoa aitishe mkutano mfupi, timu zote mbili zikiwa mezani, aseme kilichobadilika na kilichobaki: kuanzia leo uchunguzi wa chanzo unaongozwa na mtaalamu wa Wizara aliyeketi hapa, na matokeo ya maabara yatatangazwa na Wizara, matibabu bado yako chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa, idadi ya kila siku bado inafungwa saa 12 jioni na inatolewa naye, na namba ya Afisa Habari ni ile ile. Kisha mtaalamu mgeni aseme mwenyewe, kwa sentensi mbili, ataanzia kata gani na watu wake watafanya nini huko. Mratibu wa mkoa abaki mezani siku hiyo, kwa kuwa wananchi wameshamzoea, na wageni watapita kwenye nyumba zile zile alizopita yeye.